Dakika 26 zilizorudi kuwa 11: video ya maswali ya siri kuhusu kusoma Ujerumani

Tuchukue kisa cha mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma shahada ya umahiri Ujerumani. Wafuasi wake wanamuuliza kila siku alifikaje huko, naye anaamua kuwajibu wote kwa video moja. Anafungua kisanduku cha maswali kwenye stori ya Instagram, anaweka na fomu ya Google kwa wale wasiotaka kujulikana kabisa, na maswali yanafika sitini na kitu. Anakaa mbele ya kamera, anasoma moja, anajibu, anasoma jingine. Video inatoka na dakika 26.

Picha ni safi, sauti inasikika, na majibu karibu yote ni sahihi. Lakini ukifungua mchoro wa Audience retention ndani ya YouTube Studio, unaoonyesha watazamaji wanabaki hadi wapi, mstari unaporomoka sehemu tatu. Ya kwanza ni kabla ya sekunde ya 50, wakati bado anasalimia na kuomba watu wajiunge na chaneli. Ya pili ni pale anaposoma swali refu la fedha. Ya tatu iko katikati, kwenye maswali manne mfululizo yenye urefu mmoja na sauti moja. Baada ya hapo waliobaki ni wachache, na swali bora kuliko yote, la upweke, liko dakika ya 22.

Wengi wakiona mchoro kama huo wanasema video inahitaji kukatwakatwa zaidi, muziki uongezwe, maandishi yarukeruke. Hapa ugonjwa haukuwa huo. Video ilichosha kwa sababu kila swali lilipewa mwendo uleule: kusoma, kuvuta pumzi, "swali zuri sana", maelezo, jibu mwishoni. Mtazamaji akishalizoea umbo hilo mara mbili anajua ya tatu itakuwaje, na kwa anayetumia bando la kupimia, kungoja jibu kunamgharimu.

Kabla ya kuhariri, kuna kazi ya kwenye maswali yenyewe. Kisanduku cha Instagram si cha siri kama watu wanavyodhani: wewe mwenye akaunti unaona jina la aliyeuliza, na jina hilo linafichwa tu unapolionyesha swali kwa wengine. Ukiahidi usiri wa kweli tumia fomu, nayo uiangalie vizuri kwenye mipangilio. Ukusanyaji wa barua pepe uwe umezimwa, na kile kipengele cha kumruhusu mtu kujibu mara moja tu kizimwe pia, maana kinamlazimisha kuingia kwa akaunti yake ya Google. Usiombe mtu apakie cheti wala faili lolote, kwa sababu hilo nalo linadai akaunti. Anayeogopa kujulikana akikutana na ukurasa wa kuingia anafunga, na unabaki na maswali ya wasio na la kuficha.

Hata hivyo jina si kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Kwenye fomu ya kisa chetu kulikuwa na swali hili: "Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari ya kata, nimebaki peke yangu wa somo hili hapa wilayani kwetu upande wa ziwani, mkuu wa shule hajui kama naomba chuo nje, nikiondoka kimyakimya itakuwaje?" Katika video ya kwanza lilisomwa neno kwa neno. Jina halikutajwa, lakini mwalimu wa fizikia aliyebaki peke yake upande huo watu wake watamjua kabla swali halijaisha. Katika toleo la pili, lile la dakika 11 lililorekodiwa upya, likawa: "Nimeajiriwa serikalini na mwajiri hajui kama naomba chuo. Nianzie wapi?" Jibu halikubadilika hata kidogo: aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri kwa maandishi mara tu barua ya chuo inapotoka, kwa sababu kutoweka kazini ni utoro na kunaweza kumfukuzisha kazi. Kipimo chake ni rahisi. Futa undani wowote ambao ukiondoka jibu linabaki lilelile.

Kufupisha huko kulisaidia mwendo pia. Swali la awali linachukua sekunde kumi na kitu kulisoma kwa sauti, na katika sekunde hizo hakuna jipya kwa mtu asiye mwalimu. Swali la kwenye kadi lisizidi maneno kumi na mawili hivi, na kadi ikae kwenye skrini muda wa kulisoma kimya mara mbili. Aliyelitunga atajitambua hata likiwa fupi.

Maswali sitini yaliyofika hayakuwa maswali sitini. Yalipopangwa kwenye karatasi kwa makundi, zaidi ya nusu yalikuwa yakiuliza jambo moja kwa sura tofauti: "fedha nitatoa wapi". Mmoja aliuliza ada, mwingine akiba ya benki, mwingine kama anaweza kuazima hela ya kuonyesha ubalozini. Video ya kwanza iliyajibu kila moja mahali pake, kwa hiyo akaunti ya kufungia fedha za kuishi, ile ya kuonyesha ubalozini, ilielezwa mara tatu, na mara ya tatu hata mwenye video alionekana kuchoka. Toleo la pili lilichukua swali kali kuliko yote kwenye kundi hilo, likaliweka mwanzoni kabisa.

Hapa tuingie ndani kidogo, kwa sababu jibu hili moja linaonyesha karibu kila kitu. Swali lilikuwa: "Nina milioni tano, naweza kwenda kusoma Ujerumani?" Jibu la toleo la kwanza lilianza hivi:

"Swali zuri sana, na nimeulizwa na watu wengi. Kwanza kabisa inabidi tuelewe kwamba Ujerumani ina mfumo wake, tofauti na Uingereza au Marekani, na kuna vitu vingi vya kuzingatia kabla hujafanya uamuzi…"

Jibu lilikuja baada ya dakika moja na sekunde kadhaa. Toleo la pili:

"Kwa milioni tano peke yake, hapana. Ubalozi utataka uonyeshe fedha za kuishi mwaka mzima, na njia inayotumiwa na wengi ni akaunti maalumu inayofungwa: unaweka karibu yuro elfu kumi na mbili, halafu unaruhusiwa kutoa kidogokidogo kila mwezi. Ukipiga yuro moja kwa shilingi elfu tatu, hiyo ni zaidi ya milioni thelathini na tano. Lakini hela hiyo si ada. Ni yako, utaila mwenyewe."

Neno "hapana" likitoka mapema mtu haondoki. Anabaki, kwa sababu sasa anataka kujua kwa nini hapana, na kama kuna mlango wa pembeni. Mlango upo, na ndio unaobeba dakika mbili zinazofuata: aliyepata ufadhili unaogharimia maisha, kama wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, anatumia barua ya ufadhili badala ya akaunti hiyo, na mwenye ndugu anayeishi Ujerumani na mwenye kipato cha kutosha anaweza kudhaminiwa kwa hati rasmi inayotolewa na mamlaka ya huko. Hapo hapo linajibiwa na lile swali la kuazima. Hela ya kuazima inaingia kwenye akaunti na kufungiwa humo, inatoka kwa kiwango cha mwezi, kwa hiyo aliyekuazima hataiona wiki ijayo. Maswali matatu yamejibiwa kwa mkondo mmoja, kila moja likiwa na kadi yake fupi, na mtazamaji anaona mazungumzo yanasonga.

Kuna kosa la uhariri lililofichika kwenye sehemu hii ya fedha, na ndilo baya kuliko yote kwenye video ya kwanza. Mtayarishaji alisema, "Vyuo vikuu vya umma Ujerumani havitozi ada." Kisha akaeleza kidogo, akakohoa, akarudi: "Isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, wasiotoka Umoja wa Ulaya wanalipa yuro 1,500 kwa muhula." Wakati wa kuhariri kikohozi kikakatwa, na isipokuwa ikaenda nacho. Video ikawa nyepesi zaidi, na ikawa inasema uongo. Aliyepata nafasi Stuttgart au Heidelberg akiitegemea atashangazwa na yuro 3,000 kwa mwaka. Na siku hizi hata nje ya jimbo hilo kuna chuo cha umma kinachotoza wageni, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, tena kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kasi na ukweli hugombana mahali kama hapa, na dawa yake inaanza kwenye kusema, kabla ya mkasi. Sharti litangulie kauli: "Ukiacha Baden-Württemberg na chuo kimoja kikubwa cha Munich, vyuo vingi vya umma havina ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu." Sentensi ikiwa na umbo hilo, mhariri hawezi kukata sharti bila kuvunja kauli nzima. Hata mtu akikata sekunde kumi na tano aziweke status, sharti linasafiri na kauli. Kwa mada nyingine hili lingekuwa suala la umaridadi. Kwa mada ambayo mtu anauza shamba la baba yake kwa kuitegemea, ni wajibu.

Tarakimu nazo zina tabia ya kuoza. Kiasi cha akaunti ya kufungiwa kilikuwa yuro 11,208 kwa mwaka, kikapanda Septemba 2024 kuwa 11,904, yaani 992 kwa mwezi. YouTube haikuruhusu kubadilisha faili la video iliyokwisha kupanda. Unachoweza ni kukata kipande kwa kutumia kihariri cha ndani ya YouTube Studio, bila kuongeza kipande kipya cha video. Ndiyo maana katika toleo la pili mdomo unasema "karibu elfu kumi na mbili", na tarakimu kamili pamoja na tarehe ya kuikagua vinakaa kwenye maelezo chini ya video, ambako vinarekebishwa kwa dakika moja. Sentensi yoyote iliyolazimika kubeba tarakimu ilirekodiwa peke yake, ikiwa na ukimya mfupi mbele na nyuma yake, ili siku ikichakaa ing'olewe bila kujeruhi majirani.

Baada ya fedha likaja swali la mawakala: "Kuna mtu anadai milioni tatu aniombee chuo. Nimpe?" Hili halikuhitaji hotuba. Lilijibiwa kwa hesabu iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi huku kamera ikitazama mkono. Vyuo vingi hupokea maombi ya wageni kupitia uni-assist, ambako ombi la kwanza ni yuro 75 na kila la ziada katika muhula huohuo ni yuro 30. Vyuo vinne: 75, jumlisha 90, jumla 165. Kwa shilingi elfu tatu kwa yuro, 495,000. Vyuo vingine hupokea moja kwa moja kwenye tovuti zao. Mkono unaandika, sauti inasema, na jibu zima linaisha ndani ya sekunde 50. Kubadilisha kinachoonekana kutoka uso kwenda mkononi kuliamsha video kuliko muziki wowote ambao ungewekwa hapo.

Kisha ukaja mkupuo wa chapchap: maswali matano ndani ya sekunde 75. Lazima nijue Kijerumani? Inategemea kozi; za umahiri kwa Kiingereza ni nyingi, za shahada ya kwanza ni chache. Bima ni lazima? Ndiyo, bila bima chuo hakikusajili. Naweza kufanya kazi? Ndiyo, siku 140 nzima kwa mwaka au nusu-siku 280. Nina miaka 33, nimechelewa? Masomo hapana, ila bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi huishia ukifika 30, kwa hiyo tenga zaidi. Ugali upo? Upo, unga uko maduka ya Waafrika, na bei yake itakufundisha kukomba sufuria.

Mkupuo huu unaharibika kirahisi. Ukiwekwa mwanzoni, mtu anaona kama tangazo. Ukizidi maswali sita hivi unageuka orodha, na majibu yanaanza kusahaulika kabla ya kusikika. Pia si kila swali fupi lina jibu fupi. "Cheti cha kidato cha sita kinatosha?" lilijaribiwa humo likaondolewa, kwa sababu jibu lake la kweli linategemea masomo uliyofanya, alama, na uamuzi wa chuo husika; kwa wengine kuna mwaka wa maandalizi kwanza. Ndiyo au hapana ya haraka hapo ingekuwa hatari. Lilihamishiwa kwenye maelezo, na maelekezo ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chenyewe.

Maswali yote ya toleo la pili yalisomwa na rafiki aliyekaa nyuma ya kamera. Ni badiliko dogo lenye faida mbili. Watu wengi husikiliza video za namna hii wakipika au wakiwa kwenye daladala na simu iko mfukoni. Sauti mpya inawaambia kuwa swali jingine limeanza, kadi hawaioni. Na anayejibu anajibu mtu. Uso wake ulibadilika, akaacha kusoma, akaanza kusema "sikia" na "ngoja nikwambie".

Kwenye mkasi wenyewe kazi haikuwa kubwa. Salamu ilibaki sentensi moja, tena baada ya jibu la kwanza: yeye ni nani, anasoma nini, yuko mwaka wa ngapi. "Swali zuri" zote ziliondoka. Vituo vya kufikiri vilikatwa, ila si pumzi. Ukikata mpaka silabi zigusane, sikio linachoka bila mtu kujua kwa nini. Zikiachwa fremu tano hivi kabla ya neno kuanza, kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, ambayo ni moja ya tano ya sekunde, usemi unabaki wa binadamu. Mikato iliyoonekana ilifichwa kwa kuvuta picha hadi asilimia 115 na kuirudisha kwenye mkato unaofuata. Hilo linawezekana bila kuchafua picha ikiwa ulirekodi kwa 4K na unatoa kwa 1080. Friji la bwenini lilikuwa likiunguruma, na kila mkato ulikuwa ukisikika kwa kuruka kwa mlio huo. Sekunde 30 za ukimya wa chumba kilekile, zilizorekodiwa kabla ya kuanza na kutandikwa chini ya sauti yote, ziliuziba.

Swali la upweke likasogezwa dakika ya nane: "Ulilia? Mimi sijawahi kuishi mbali na mama." Toleo la kwanza lilikuwa limelitendea kama yale mengine, likikatwa kila kituo. Safari hii mkasi ulikaa pembeni. Rafiki anasoma, anayejibu anakaa kimya sekunde tatu nzima, anacheka kidogo, halafu anasema Desemba ya kwanza ilikuwa ngumu, saa kumi jioni giza, na kwamba kilichomtoa chumbani ni zamu ya kupika na wenzake wa bwenini. Picha haikuvutwa, hakuna maandishi, hakuna muziki. Sekunde tatu za kimya baada ya dakika nane za mwendo zinashika kuliko sauti ya juu, na zinafanya hivyo mara moja tu kwenye video. Ukimya wa pili ungeonekana umepangwa. Swali lilidumu karibu dakika mbili, refu kuliko mengi, na hakuna sababu ya kulifupisha.

Dakika ya mwisho ilibaki kwa kalenda. Muhula wa baridi huanza Oktoba, na tarehe ya mwisho ya maombi kwa vyuo vingi ni 15 Julai, ingawa kozi nyingi za umahiri kwa wageni hufunga mapema zaidi, nyingine miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo anayetazama mwezi Mei akiwa hana pasipoti aulize muhula unaofuata. Hapo video inakoma kwenye dakika 11, sekunde za mwisho zikiwa na nafasi ya kadi ya video inayofuata, bila "asanteni sana kwa kutazama" ya nusu dakika.

Kwenye maelezo ziliwekwa sura ili mtu arudi kwenye swali lake. YouTube inazitambua zikianza na 0:00, zikiwa tatu au zaidi kwa mpangilio wa muda, na kila moja isipungue sekunde 10:

```
0:00 Nina milioni tano, naweza kwenda?
1:25 Naweza kuazima hela ya kuonyesha?
2:30 Ada ipo au haipo?
3:50 Wakala anataka milioni tatu
4:40 Maswali matano ya chapchap
5:55 Nimeajiriwa, nianzie wapi?
8:00 Ulilia?
9:55 Tarehe za kuomba
```

Majina ya sura yameandikwa kwa maneno ya waulizaji. "Gharama za maisha" hakuna anayeitafuta kwa hofu usiku. "Naweza kuazima hela ya kuonyesha" wapo. Kuna hofu kwamba sura zinawafanya watu waruke na hivyo kuua muda wa kutazama. Wanaruka kweli, na mchoro wa video kama hii unaonyesha vilima vidogo mwanzoni mwa sura. Lakini aliyeruka hadi 5:55 kwa sababu ni mtumishi wa umma angeondoka kabisa kama asingepaona, na mara nyingi akishajibiwa anaiacha video iendelee hadi kwenye lile la mama.